Miwani Moja ya Bei Kubwa, au ya Kawaida na Spea Yake?

Jirani yangu hapa Tanga ni dereva wa basi la masafa. Mwezi uliopita alikuja barazani kwangu miwani ikiwa imefungwa sikioni kwa uzi mweusi wa kushonea. Mkono wa kushoto ulikuwa umeng'oka kwenye bawaba. Alijaribu kwanza kuugandisha kwa gundi ya supa, na mvuke wa gundi ile ukaacha ukungu mweupe juu ya lenzi usiofutika kwa maji wala kwa kitambaa. Miwani yenyewe ilikuwa ya bei, fremu ya jina kubwa, na ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Siku tatu hakushika usukani.

"Safari hii nanunua ya maana kabisa, isiyovunjika," aliniambia.

Mkewe alikuwa nyuma yake. "Isiyovunjika iko wapi, baba watoto? Na hawa wawili nao watavaa nini?"

Nilifanya kazi miaka kadhaa nyuma ya kaunta ya duka la miwani kabla sijaanza kuandika, na swali la yule mama ndilo lililokuwa likiwashinda wateja wengi. Mtu mmoja akija peke yake, hesabu ni nyepesi. Familia ikija na karatasi nne za vipimo, watu huanza kugawana fedha sawasawa kana kwamba wanagawana wali: kila mmoja miwani moja nzuri, basi. Macho ya watu wanne hayafanani hata siku moja, na fedha zikigawanywa sawa huishia mahali zisipohitajika.

Karatasi zao zilikuwa hivi. Baba, miaka 52, haoni mbali: −5.50 kila jicho, na silinda ya −1.00, yaani konea yake haina mviringo kamili. Chini yake pameandikwa nyongeza ya +2.00 kwa kusomea. Mama, miaka 44, mbali anaona bila shida, karibu anahitaji +1.25. Binti wa miaka 13 ana −2.25, mwaka jana ilikuwa −1.75. Mdogo wake wa miaka 7 ana +1.00 jicho la kulia na +4.00 la kushoto, na hilo la kushoto ni jicho vivu: lenyewe halina ugonjwa, ila ubongo umezoea kulipuuza.

Kabla ya kugusa bei, inafaa kujua unalipia nini. Miwani ni fremu, ni lenzi, ni kazi ya kuziweka lenzi mahali pake. Fremu ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayopandisha bei kwa haraka kuliko vyote. Lakini jina lililochorwa kwenye mkono wa fremu haliongezi hata chembe ya kuona. Fremu nzuri unaitambua kwa mambo ya kawaida: bawaba zisizochezacheza, skrubu zinazopatikana kwa fundi yeyote, vidusi vya pua vinavyobadilishika. Kwetu hapa pwani naongeza la nne, kwamba chuma chenye rangi ya juu juu hakidumu. Chumvi ya bahari na jasho huipenya rangi, skrubu zikashika kutu, na siku fundi anapotaka kubadilisha lenzi skrubu inakatikia ndani.

Lenzi nazo si za aina moja. Zile za pawa moja, kwa namba za kawaida, huja zimeshatengenezwa. Duka linazo kwenye droo zimepangwa kwa namba, na fundi anazikata tu kufuata umbo la fremu. Ndiyo maana ni rahisi, na urahisi huo hauna hila yoyote. Lenzi ya −2.25 iliyotoka kwenye droo inaona sawa na lenzi ya −2.25 iliyouzwa mara tatu ya bei hiyo. Zinazopanda bei kihalali ni zile zinazochongwa kwa mtu mmoja: progresivu, zenye kuona mbali, kati na karibu katika kioo kimoja, na zile za namba kubwa sana.

Kazi ya kuziweka ndiyo watu wasiyoifikiria, na hapo ndipo miwani ya bei ndogo inapopita au kufeli. Kila lenzi ina kitovu chake, na kitovu hicho kinatakiwa kikae mbele ya mboni. Kikienda pembeni, lenzi inaanza kuvuta picha kama prizimu. Kanuni yake ni rahisi: zidisha pawa kwa sentimita za kosa. Tuseme fundi mvivu hakupima umbali wa mboni kwa mboni, akakosea milimita 5. Kwa mtu wa −1.00 hiyo ni nusu prizimu, na wengi hawatahisi kitu. Kwa baba yetu wa −5.50, kosa lilelile linakaribia prizimu 3, na hapo ndipo mtu anasema sakafu imeinama, macho yanavutwa, kichwa kinauma kufika saa nane. Kwa hiyo namba ndogo inasamehe, namba kubwa haisamehi. Ukilijua hilo peke yake, umeshajua nani katika nyumba yako anaweza kununuliwa miwani ya bei ndogo bila wasiwasi na nani apelekwe kwa mtu anayepima kwa rula na kuweka alama kwenye lenzi.

Sasa tuwachukue mmoja mmoja.

Yule mdogo ndiye wa kwanza, ingawa wazazi walimweka mwisho kwa sababu hakulalamika. Hawezi kulalamika, jicho la kulia linafanya kazi ya mawili. Kwa mtoto mwenye jicho vivu miwani ni dawa, na kadiri umri unavyosonga ndivyo dawa hiyo inavyopungua nguvu. Miwani ikivunjika wiki tatu zikapita bila ya kuvaa, ubongo unarudia uvivu wake. Huyu anahitaji mbili tangu siku ya kwanza, namba zilezile, na zote mbili za polikaboneti, plastiki isiyopasuka vipande mpira ukimpiga usoni. Mtu mwenye jicho moja tu linaloona vizuri hatakiwi kulihatarisha lile zima. Fremu iwe ya plastiki laini, ya kawaida, na imkae leo. Wazazi hupenda kuchukua kubwa kidogo "akue nayo", kama sare ya shule. Miwani kubwa inateremka puani, mtoto anachungulia kwa juu yake, na dawa haiingii.

Kuna jambo jingine kwa watoto: namba zao hazikai. Mtoto asiyeona mbali huongezeka nusu dayopta, hata dayopta nzima, kwa mwaka. Fremu ya jina iliyonunuliwa ikae miaka mitano inazeeka kabla ya wakati wake, kwa sababu sura imekua na lenzi hazimfai tena. Kwa binti wa miaka 13 ningenunua mbili za kawaida: ya kuvaa iwe ya polikaboneti, na spea ya plastiki ya kawaida ikae mkobani. Kamwe nisingemlazimisha fremu aliyoichukia. Miwani asiyoipenda msichana wa kidato cha kwanza inaishi ndani ya begi, na hiyo ndiyo ghali kuliko zote.

Mama ni rahisi. Macho yote mawili yana +1.25 sawa na hana silinda, kwa hiyo miwani ya kusomea iliyokwisha tengenezwa, ile inayouzwa imetundikwa kwenye stendi, inamtosha kabisa. Anunue tatu: moja jikoni, moja kazini, moja karibu na Biblia au msahafu, popote anaposomea. Angekuwa na macho yasiyolingana, au silinda, nisingesema hivyo, kwa kuwa miwani ile hutengenezwa pawa moja kwa macho yote na umbali wa mboni uliokadiriwa. Ila hata anayenunua ya stendi apimwe kwanza na mtaalamu. Baada ya miaka 40 ndipo presha ya macho inapoanza kunyemelea, na haina maumivu wala dalili mpaka imeshakula sehemu ya uoni. Miwani ya stendi haitakuambia hilo.

Anabaki baba, na hapa ndipo fedha inapostahili kwenda.

Kwa umri wake na kazi yake, lenzi ya pawa moja haimtoshi. Baifoko, ile yenye mstari, ingekuwa nafuu zaidi: juu barabara, chini kusoma. Tatizo ni dashibodi. Sehemu ya chini yenye nyongeza ya +2.00 inaona vizuri kuanzia kama nusu mita kuja karibu, na sehemu ya juu ni ya mbali. Dashibodi ya basi iko kama sentimita 70, katikati pasipo na mwenyewe. Lenzi za progresivu zinaliziba pengo hilo. Lakini zinahitaji kipimo cha urefu wa mboni ndani ya fremu aliyoichagua, akiwa ameivaa na kukaa anavyokaa siku zote, na zinahitaji duka linalokubali kuzitengeneza upya zikikataa kuzoeleka. Uliza hilo kabla ya kulipa, na liandikwe kwenye risiti. Progresivu ya bei ya kutupa, bila kipimo hicho, ni fedha iliyotupwa, bora baifoko.

Pale pale dukani walimshauri achukue lenzi nyembamba zinazoandikwa 1.67, kwa kuwa namba yake ni kubwa na vioo vitakuwa vinene. Ni kweli vitakuwa vinene. Lakini unene wa lenzi ya kutoona mbali uko ukingoni, na unakua haraka kadiri ukingo unavyokwenda mbali na kitovu. Lenzi ya plastiki ya kawaida ya −5.50 yenye milimita 2 katikati inafika karibu milimita 7 ukingo ukiwa milimita 30 kutoka kitovuni. Chagua fremu ndogo, ukingo wake wa mbali uwe milimita 25, nayo inashuka hadi kama 5 na nusu. Lenzi ya 1.67 kwenye fremu ile kubwa ingekuwa kati ya milimita 5 na 6. Yaani fremu ndogo ya mviringo inafanya kazi ileile bure.

Alishauriwa pia vioo vinavyobadilika rangi juani. Kwa dereva? Vioo hivyo husukumwa na miale ya urujuanimno, na kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo; akiwa kwenye usukani vingi havigeuki ipasavyo. Vilevile ile tabaka ya kuzuia mwanga wa buluu wa simu: mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta, angalau kwa muda mfupi uliochunguzwa. Tabaka moja tu ndiyo ningemwambia ailipie, ya kuzuia mng'ao, kwa ajili ya taa za magari yanayokuja usiku.

Spea yake sasa. Watu husikia "spea" wakafikiri ni pacha wa ile ya kwanza, wakiona bei inakuwa mara mbili wanaacha. Hakuna sheria hiyo. Spea inatakiwa iokoe kazi isiyoweza kusimama, basi. Kwa dereva kazi hiyo ni kuona barabara. Kwa hiyo spea yake ni ya pawa moja, ya mbali, −5.50 na silinda yake, kwenye fremu ya kawaida inayofanana umbo na ile kuu ili macho yasishtuke. Akitaka kusoma tiketi ataivua. Mtu wa −5.50 bila miwani anaona wazi kwa sentimita 18 hivi. Si raha, lakini basi linafika.

Tukaweka hesabu. Bei hizi ni za kuonyesha njia, kila msomaji aweke za mjini kwake. Fremu ya jina 180,000, ya kawaida 40,000, ya kawaida iliyo imara kwa ajili ya baba 90,000. Lenzi za pawa moja zenye kuzuia mng'ao 50,000, za baba zenye silinda 60,000, za polikaboneti 80,000, progresivu 320,000. Miwani ya stendi 15,000.

Mpango wa kwanza, moja moja nzuri: baba 500,000, mama 230,000, kila mtoto 260,000. Jumla 1,250,000, miwani minne, spea hakuna. Mpango wa pili: baba 410,000 na spea 100,000; mama mitatu ya stendi 45,000; binti 120,000 na spea 90,000; mdogo miwili kwa 240,000. Jumla 1,005,000, na miwani tisa ndani ya nyumba. Posho ya safari ya baba ni 40,000 kwa siku. Zile siku tatu za uzi mweusi zilimpotezea 120,000, ambayo imeshazidi bei ya spea.

"Sawa," mama akasema, "lakini milioni hatuna. Tuna laki nne."

Hapo watu wengi hurudi kwenye moja ya bei kubwa kwa baba, wengine wangoje. Mimi ningeanza kinyume: nunua spea kwanza. Miwani ya mbali ya baba ya 100,000 inaweza kuwa miwani yake kuu kwa miezi michache, na progresivu ikija, ile inashuka daraja inakuwa spea. Hakuna senti iliyopotea. Mdogo achukue miwili yake, 240,000, kwa sababu yeye hasubiri. Mama achukue mitatu ya stendi, 45,000. Hiyo ni 385,000, na 15,000 iliyobaki ni ya mikebe migumu ya kuhifadhia. Binti aendelee na miwani ya mwaka jana kwa mwezi mmoja au miwili. Inampungukia nusu dayopta, na akikaa dawati la mbele ataliona ubao, mwalimu aambiwe. Mzunguko wa pili wa fedha ni wake, na wa tatu ni progresivu ya baba.

Miwani ya zamani isitupwe. Namba ikiwa imebadilika nusu dayopta tu au chini ya hapo, ile ya zamani ni spea iliyokwisha lipiwa. Ikibadilika zaidi, fremu nzima inaweza kuwekewa lenzi mpya, ukalipa lenzi peke yake. Ila fahamu hatari yake: plastiki iliyokauka kwa miaka huwekwa kwenye joto ili ipokee lenzi, na mara nyingine hupasuka mkononi mwa fundi. Maduka mengi yatakuambia mapema kuwa hasara hiyo ni yako. Fremu ikishaonyesha mistari meupe karibu na bawaba, usiilipie lenzi.

Siku ya kuchukua mzigo usikubali kupewa mkebe na kuagwa. Dukani kuna kifaa kinachoitwa lensometa. Mwombe fundi aweke kila miwani juu yake mbele yako na akusomee namba, wewe ukiwa na karatasi ya kipimo mkononi. Haichukui hata dakika mbili kwa miwani moja. Spea ndiyo ikaguliwe zaidi, kwa sababu hiyo itakaa mkebeni miezi, na kosa lake litagundulika siku isiyotakiwa, barabarani. Karatasi yenyewe ipige picha kwa simu, na umbali wa mboni uandikwe hapo. Mara nyingi haupo mpaka uuombe.

Na spea ivaliwe. Siku moja kwa mwezi inatosha: skrubu zinaonekana kama zimelegea, na macho hayaisahau. Ya dereva isikae juu ya dashibodi. Joto la gari lililofungwa juani hupasua tabaka la kuzuia mng'ao, ukaona kama utando wa buibui juu ya lenzi. Ikae kwenye begi la nguo, ndani ya mkebe mgumu.

Juzi nilimwona yule mdogo akicheza mpira uwanjani, miwani ya buluu ikiwa imefungwa kwa mkanda nyuma ya kichwa. Nikamuuliza ya pili iko wapi. Akasema bibi yake ameificha kabatini, chini ya kanga, na hata yeye hajui ni kanga ipi.